Kuongeza lugha ya pili kwenye kibodi ya simu na kubadilisha herufi ukiwa katikati ya meseji

Kabla hujafungua mipangilio yoyote, tenganisha mambo mawili ambayo kibodi huyafunga pamoja kwa jina moja la "lugha". La kwanza ni msamiati: maneno ambayo kibodi inayajua, inayoyapendekeza juu ya vitufe, na inayoyatumia kusahihisha unachoandika. La pili ni mpangilio wa herufi, yaani herufi ipi imekaa kwenye kitufe kipi. Unapoongeza lugha unapewa vyote viwili, lakini mara nyingi unachohitaji ni kimoja tu, na ukijua ni kipi utaokoa muda mwingi wa kubonyeza huku na kule.

Mtu anayeandika Kiswahili na kuchanganya Kiingereza hana haja ya kubadilisha mpangilio hata kidogo. Lugha zote mbili hutumia herufi zilezile za Kilatini kwenye vitufe vilevile. Anachohitaji ni kibodi inayojua maneno ya lugha zote mbili kwa wakati mmoja. Anayeandika Kiswahili na Kiarabu ni habari nyingine: herufi zenyewe ni tofauti, kwa hiyo lazima abadilishe mpangilio kila anapohama. Katikati yao yupo anayeandika Kiswahili na Kifaransa. Herufi zake ni za Kilatini, ila kibodi ya Kifaransa kwa kawaida huja na mpangilio wake uitwao AZERTY, ambao umehamisha vitufe kadhaa.

Hapa nitamfuata mtu mmoja mwenye mahitaji ya namna zote mbili. Anatumia simu ya Android yenye kibodi ya Gboard, ambayo hadi sasa ina Kiingereza peke yake. Meseji zake nyingi ni za Kiswahili chenye Kiingereza ndani yake, na mara kwa mara anaandika salamu na dua kwa herufi za Kiarabu. Majina ya vitufe nitayataja kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa kwa Kiingereza. Kama simu yako iko kwa Kiswahili utayakuta yametafsiriwa, lakini mahali pake ni palepale.

Kuongeza Kiswahili

Njia ya haraka haianzii kwenye mipangilio ya simu. Inaanzia kwenye kibodi yenyewe.

1. Fungua programu yoyote ya meseji na uguse sehemu ya kuandikia ili kibodi ipande.
2. Gusa alama ya miraba minne iliyo juu ya herufi, upande wa kushoto, kisha uguse Settings yenye alama ya gia. Usipoiona, bonyeza kitufe cha mkato na kukishikilia. Alama ya gia hujitokeza hapo.
3. Gusa Languages, kisha Add keyboard.
4. Tafuta Kiswahili kwenye orodha. Ukikikuta kimeandikwa zaidi ya mara moja kwa majina ya nchi, chagua unachotaka. Mpangilio wa herufi ni uleule.
5. Ukurasa unaofuata unakuonyesha mipangilio ya herufi inayopatikana. Acha QWERTY ikiwa imechaguliwa, kisha uguse Done.

Hatua hizi hazigusi lugha ya simu yenyewe. Menyu, majina ya programu na taarifa zitabaki kama zilivyokuwa. Kuna watu wanaoogopa kuongeza kibodi ya Kiarabu wakidhani simu nzima itageuka isomeke kutoka kulia, na haiwi hivyo.

Jambo moja la kuvumilia: baada ya kuguswa Done, simu hupakua msamiati wa lugha mpya kupitia intaneti. Hadi msamiati ufike, utaweza kuandika lakini mapendekezo ya Kiswahili hayatatokea. Kama data imezimwa, unaweza kudhani umekosea hatua fulani kumbe kibodi inasubiri mtandao tu.

Kuziunganisha Kiswahili na Kiingereza

Sasa kibodi ina lugha mbili, na kwenye safu ya chini karibu na kitufe cha nafasi kumetokea kitufe chenye alama ya dunia. Ukikigusa, jina la lugha lililoandikwa juu ya kitufe cha nafasi hubadilika. Wengi huishia hapa, wakaanza kugusa dunia kila wanapotoka kwenye sentensi ya Kiswahili kuingia kwenye neno la Kiingereza. Inachosha, na baada ya muda mfupi wanaacha. Wanarudi kwenye Kiingereza peke yake, kisha "kama" inageuka "karma" na "tu" inageuka "to".

Dawa yake iko ndani ya ukurasa uleule wa Languages. Gusa Kiswahili, kisha utafute sehemu iitwayo Multilingual typing. Chini yake kuna orodha ya lugha nyingine za Kilatini ulizoongeza, kila moja na swichi yake. Washa Kiingereza. Kuanzia hapo kibodi hiyo moja inapima kila neno kwa misamiati yote miwili, na juu ya kitufe cha nafasi utaona alama za lugha zote mbili kwa pamoja. Mtu wetu anaweza kuandika "nimetuma ile document ya jana, naomba feedback" bila kugusa kitufe cha dunia hata mara moja.

Mpangilio huu una mipaka yake, na ni vizuri kuijua mapema ili usidhani simu imeharibika. Maneno mafupi ndiyo yanayoisumbua zaidi, kwa sababu tofauti ya herufi moja tu inatosha kulitoa neno la Kiswahili na kuliingiza kwenye Kiingereza. Ukiandika kwa kutelezesha kidole badala ya kugusa herufi moja moja, shida inaongezeka, kwani njia ya kidole inaweza kufanana na maneno ya lugha zote mbili na kibodi ikachagua lile linalotumika zaidi.

Kisha kuna vitenzi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani yake: "nitakupigia", "hatujaonana", "alichoniambia". Kiambishi kimoja kikibadilika, neno ni jingine, na hakuna orodha inayoweza kuwa na maumbo yote. Kwa hiyo kibodi itakutana na maneno sahihi kabisa isiyoyajua, na kama imeruhusiwa kusahihisha yenyewe, itayageuza kuwa kitu inachokijua.

Kwa sababu hiyo, kwa anayeandika Kiswahili ninashauri kuzima usahihishaji wa kujiendesha na kuacha mapendekezo. Rudi kwenye Settings ya Gboard, ingia Text correction, zima Auto-correction, lakini usiguse swichi ya mstari wa mapendekezo. Kibodi itaendelea kukuonyesha maneno juu ya vitufe, na wewe ndiye utakayegusa unalolitaka. Neno lako halitabadilishwa ukiwa umeshahamisha macho.

Asiyetaka kuzima anaweza kuifundisha kibodi polepole. Neno ulilolitumia mara kadhaa huanza kupendekezwa. Majina ya watu na ya mitaa ni bora uyaingize mwenyewe: Settings ya Gboard, Dictionary, Personal dictionary, chagua lugha, kisha gusa alama ya kujumlisha. Na pale kibodi inapong'ang'ania kupendekeza neno lililoandikwa vibaya, bonyeza neno hilo kwenye mstari wa mapendekezo, ulishikilie, kisha uliburute hadi kwenye alama ya pipa la taka inayotokea. Halitarudi upesi.

Kuongeza Kiarabu, ambako kubadilisha ni lazima

Hatua ni zilezile: Languages, Add keyboard, Kiarabu, chagua mpangilio, Done. Ila ukirudi kwenye Multilingual typing ya Kiswahili hutakuta Kiarabu hapo. Herufi zake haziwezi kukaa kwenye vitufe vilevile, kwa hiyo hakuna cha kuunganisha. Hapa ndipo kitufe cha dunia kinapopata kazi yake halisi.

Ukikigusa mara moja unakwenda lugha inayofuata kwenye orodha. Ukibonyeza kitufe cha nafasi na kukishikilia, orodha yote inajitokeza na unachagua moja kwa moja. Mwenye lugha mbili atatumia kugusa. Mwenye tatu au zaidi atapenda kushikilia, maana kugusa kunamzungusha kwenye lugha asizozihitaji wakati huo. Ndiyo maana mtu wetu anafuta kibodi ya Kiingereza iliyosimama peke yake mara tu anapomaliza kuongeza Kiarabu. Kama swichi ya Kiingereza chini ya Kiswahili bado imewaka, amebakiwa na vituo viwili tu, na mguso mmoja wa dunia humpeleka upande wa pili na kumrudisha. Baada ya kufuta, aingie tena Multilingual typing ahakikishe swichi hiyo haijapotea. Kama imepotea, airudishe Kiingereza na aridhike na vituo vitatu.

Meseji yenye herufi za aina mbili ina tabia yake. Kiarabu huandikwa kutoka kulia, Kiswahili kutoka kushoto, na simu huamua mwelekeo wa mstari kwa kutazama herufi ya kwanza yenye mwelekeo. Ukianza na salamu ya Kiarabu kisha ukaendelea kwa Kiswahili kwenye mstari uleule, nukta ya mwisho inaweza kuonekana imerukia upande wa kushoto wa sentensi, na mabano yakaonekana yamegeuka. Hujakosea kuandika, ni namna simu inavyopanga mielekeo miwili kwenye mstari mmoja. Suluhisho jepesi ni kuweka Kiarabu kwenye mstari wake, kushuka mstari mpya, kisha kuendelea na Kiswahili. Kila mstari utachukua mwelekeo wake.

Angalia pia tarakimu. Baadhi ya mipangilio ya Kiarabu hutoa tarakimu za ٠ ١ ٢ ٣ badala ya 0 1 2 3. Kwenye salamu hazina neno, lakini ukiandika namba ya simu au kiasi cha pesa kwa tarakimu hizo, huenda programu ya mwenzako isiitambue namba kuwa ni ya kupigwa, na fomu nyingi huzikataa. Rudi kwanza kwenye Kiswahili, andika namba, ndipo uendelee.

Kifaransa na mitego ya AZERTY

Kwa anayeongeza Kifaransa, ile hatua ya tano ndiyo yenye uzito. Ukigusa Done bila kutazama, unaweza kupewa AZERTY, ambapo A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na M imehamia kulia mwa L. Vidole vilivyozoea QWERTY vikiandika "sawa" kwenye vitufe halisi vyenye mpangilio huo, kinachotoka ni "sqzq". Kwenye ukurasa wa kuchagua mpangilio, telezesha hadi uione QWERTY na uichague hiyo. Utapata msamiati wa Kifaransa, na herufi kama é na ç utazipata kwa kubonyeza e au c na kushikilia. Kifaransa kikiwa na QWERTY, unaweza kukiunganisha na Kiswahili kwa Multilingual typing.

Kama kibodi yako si Gboard

Kwenye simu za Samsung zenye kibodi yao wenyewe, pita Settings ya simu, General management, Samsung Keyboard settings, kisha Languages and types, na Manage input languages. Lugha ambayo haijapakuliwa ina mshale wa kushuka mbele yake. Uguse, subiri, kisha washa swichi. Kubadilisha lugha hapa mara nyingi ni kwa kutelezesha kidole juu ya kitufe cha nafasi kwenda kushoto au kulia. Wanaotafuta alama ya dunia bila kuipata wanaweza kuchagua kitufe cha lugha kwenye ukurasa uleule wa Languages and types.

Kwenye aifoni, pita Settings, General, Keyboard, Keyboards, kisha Add New Keyboard. Lugha ikishaingia kwenye orodha, iguse jina lake ili uchague kati ya QWERTY na mipangilio mingine. Kibodi ikiwa na lugha moja na emoji tu, kitufe cha chini huonyesha uso wa emoji. Lugha ya pili ikiingia, hapo panakuwa na dunia. Gusa kuhama, au shikilia kuona orodha.

Kompyuta ya Windows ina hatari moja ambayo simu haina: vitufe vyake vimechapwa herufi zisizobadilika, kwa hiyo macho hayakuonyi kwamba mpangilio umehama. Lugha huongezwa kupitia Settings, Time & language, Language & region, Add a language. Kuhama ni kushikilia kitufe cha Windows na kugusa kitufe cha nafasi. Lakini Alt ya kushoto pamoja na Shift navyo huweza kuhamisha, na vidole huvigusa kwa bahati mbaya. Ukiandika "sawa" ukaona سشصش, umehamia Kiarabu. Tazama alama ya lugha kwenye kona ya chini ya skrini, kisha urudi.

Vikikataa

Kitufe cha dunia hakionekani. Hakikisha kwanza kwamba kibodi ina lugha mbili kweli kwenye Languages. Kama zipo, ingia Preferences ya Gboard utazame kama swichi ya kitufe cha kubadilisha lugha imezimwa. Hata bila kitufe hicho, kushikilia kitufe cha nafasi kunaleta orodha.

Umegusa alama ndogo ya kibodi iliyo ukingoni kabisa mwa skrini, nje ya kibodi, na ghafla kila kitu kinaonekana kigeni. Alama hiyo haibadilishi lugha. Inabadilisha programu ya kibodi, kwa mfano kutoka Gboard kwenda ile iliyokuja na simu, na lugha ulizoongeza kwenye moja hazihamii kwenye nyingine. Iguse tena na urudi.

Nenosiri linakataliwa ingawa una hakika nalo. Herufi zimefichwa kwa nukta, kwa hiyo huoni kwamba umeandika kwa AZERTY au kwa Kiarabu. Kwenye simu tazama vitufe. Kwenye kompyuta gusa alama ya jicho ili uone ulichoandika.

Na ukikosa lugha unayoitaka kwenye kibodi iliyopo, usikimbilie kupakua programu yoyote ya kibodi unayoikuta. Android yenyewe hukuonya unapowasha kibodi mpya kwamba inaweza kukusanya kila unachoandika, yakiwemo manenosiri, na onyo hilo ni la kweli.

Gharama ya herufi moja kwenye SMS

Anayetuma kwa WhatsApp au programu kama hiyo anaweza kuiruka sehemu hii. Anayetuma SMS za kawaida, kubadilisha kibodi kunagusa mfuko wake.

SMS iliyoandikwa kwa herufi za msingi za Kilatini huchukua hadi herufi 160. Ukiingiza herufi moja tu ya Kiarabu, au emoji moja, ujumbe wote hubadilishwa kuwa wa aina nyingine ambayo ukomo wake ni herufi 70. Ujumbe ukizidi ukomo hukatwa vipande, na kila kipande huchukua pungufu kidogo: 153 kwa aina ya kwanza, 67 kwa ya pili. Chukua ujumbe wa Kiswahili wenye herufi 150. Ni SMS moja. Mtu wetu akihamia Kiarabu na kuongeza neno moja la salamu mwishoni, ujumbe unafika herufi 156 hivi, na sasa unagawanywa kwa 67. Ni SMS tatu, na mtandao unaotoza kwa kipande utatoza tatu.

Kiswahili kina mtego wake hapa: alama ya ng' kwenye "ng'ombe" na "ng'oa". Alama iliyonyooka imo kwenye herufi za msingi. Iliyopinda haimo. Aifoni yenye Smart Punctuation iliyowashwa hugeuza iliyonyooka kuwa iliyopinda wakati unaandika. Izime kwenye Settings, General, Keyboard. Kwa Android, programu ya Google Messages ina chaguo liitwalo Use simple characters kwenye mipangilio yake ya ndani. Likiwashwa, alama za namna hiyo hurudishwa kwenye herufi nyepesi kabla ujumbe haujaondoka. Lakini herufi za Kiarabu haziwezi kurahisishwa, kwa hiyo salamu ndefu ya Kiarabu ni nafuu kuituma kama ujumbe wake pekee wa chini ya herufi 70, na habari ya Kiswahili ikafuata kwenye ujumbe mwingine.